Hotuba ya kuwashukuru wenzako wa kundi la kusoma kwenye karamu ya kumaliza udaktari: mwongozo kamili

Kila msimu wa mahafali ukikaribia napokea ujumbe wa namna moja. "Kaka, nimeambiwa niseme machache kuwashukuru wenzangu. Nianzie wapi?" Nawajibu, kisha naalikwa karamuni nakaa meza ya nyuma, nasikiliza hotuba ileile ya mwaka jana. Itifaki inakula dakika sita. Kisha "safari haikuwa rahisi". Kisha majina kumi na mbili yanasomwa kama mahudhurio ya skuli, na sharubati ya ukwaju inapata moto mikononi mwa watu.

Nimechoka kujibu vipandevipande, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa. Nazungumzia hotuba moja tu: ile fupi ya mhitimu mmoja kuwashukuru wenzake wachache aliosoma nao diskasheni miaka mitano, inayomalizika kwa kunyanyua gilasi. Hotuba ya kuwashukuru wazazi ni nyingine, na ya niaba ya darasa zima ni nyingine. Ukizichanganya tatu hizi, hakuna atakayejua umemshukuru nani.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kadi moja ngumu, ukubwa wa nusu ya karatasi ya kawaida, na kalamu ya wino mweusi. Usisome kwenye simu. Skrini huzima, ujumbe huingia, na mbele ya wazee mtu aliyeinamia simu anaonekana anachati.
- Saa ya kupimia. Hapo simu inafaa.
- Majina ya wenzako kama wanavyopenda kuitwa mbele za watu, si majina ya utani ya dahalia.
- Ruhusa zao. Nitaeleza chini.
- Msikilizaji mmoja asiyejua lolote la hospitali: shangazi, binamu, jirani fundi seremala.
- Gilasi ya sharubati au maji iliyowekwa mezani kwako kabla hujaitwa.
- Siku tano. Hotuba iliyoandikwa usiku wa karamu huwa ni ya itifaki tupu.

## Hatua ya 1: Pata nafasi yako kwenye ratiba kabla ya kuandika

Mtafute mshereheshaji umuulize mambo mawili: naitwa baada ya nani, na chakula kinatoka saa ngapi. Karamu zetu nyingi hapa Zanzibar huanza alasiri na kuchelewa, na zikichelewa huangukia magharibi. Kwetu jua huzama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, kwa hiyo hotuba iliyopangwa saa kumi na mbili kamili ina hatari ya kukatwa na adhana katikati ya sentensi. Omba uwekwe ama mapema ama baada ya watu kurudi kuswali. Usikubali nafasi ya wakati pilau inapakuliwa, maana hakuna aliyewahi kushinda harufu ya pilau.

Ukishajua nafasi, jiwekee dakika nne. Nimewapima wengi kwa saa: mtu anayesoma Kiswahili kwa utulivu, akiachia watu nafasi ya kucheka, hutumia dakika moja kwa maneno 100 hivi. Dakika nne basi ni maneno 400 na salamu zikiwemo. Yakizidi 450, ukiwa jukwaani utaanza kukimbia, na ukikimbia utayameza majina ya watu uliokuja kuwashukuru.

Utajua umefaulu ukiweza kusema bila kusita: "Nasimama baada ya fulani, kabla ya chakula, dakika nne."

## Hatua ya 2: Chagua kisa kimoja, na kiwe cha kusoma

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Miaka mitano ina kila kitu ndani yake: bumu lililochelewa, boti lililoahirishwa kwa upepo, sapu, kolu za usiku, rotesheni za hospitali ya Mnazi Mmoja. Mhitimu anataka kuvitaja vyote, na akivitaja vyote vinakuwa kelele. Msikilizaji hashiki "tulipitia mengi". Anashika siku moja, mahali pamoja, na kitu kimoja kilichoshikwa mkononi.

Kisa kizuri kina sifa tatu. Kinaonyesha mnasoma, si mnateseka tu. Kinaonyesha kila mmoja alimhitaji mwenzake. Na kinaweza kuelezwa kwa mtu asiye wa fani kwa sentensi moja.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Kundi lilikuwa la watu watano, mwaka wa kwanza, anatomia. Mtihani unakuja na wamekwama kwenye mtandao wa mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi. Aliyesoma udaktari anaujua mchoro huo na anajua unavyotesa. Mizizi mitano inatoka shingoni. Miwili ya juu inaungana, wa katikati unabaki peke yake, miwili ya chini inaungana, na hapo yanapatikana mashina matatu. Kila shina linagawika mbele na nyuma. Vipande vya nyuma, vyote vitatu, vinakusanyika kuwa kamba moja. Vya mbele vinatoa kamba mbili, na kutoka kamba hizo tatu inazaliwa mishipa mikuu mitano ya mkono.

Kwenye kitabu mistari hiyo inapishana, na jicho halijui upi umepita juu na upi chini. Mwanafunzi anakariri picha, kisha akionyeshwa mkono wenyewe hajui aanzie wapi.

Kundi hili lilikuwa limekaa barazani kwa mmoja wao, Mwera. Mama wa nyumba alikuwa pembeni anasuka mkeka. Mmoja wao aliomba vipande vitano vya ukindu. Wakaviunganisha viwili vya juu, wakaviunganisha viwili vya chini, kisha kila shina wakalipasua kwa ukucha katikati: nusu ya mbele, nusu ya nyuma. Wakasuka. Ukindu hauwezi kukudanganya kama mchoro, kwa sababu kipande kikipita chini utakiona kimepita chini. Mama akawatazama akauliza: "Nyie mnasoma au mnanimalizia ukindu wangu?"

Kisa ni hicho. Hakina machozi. Kina baraza, ukindu, mama mmoja na vijana watano walioelewa kitu jioni moja baada ya wiki mbili za kutoelewa.

Ukikosa kisa, kaa na wenzako nusu saa na uwaulize swali moja: "Ni siku gani tulielewa kitu kwa sababu tulikuwa pamoja?" Usiwaulize "mnakumbuka nini", watakuletea mizaha ya dahalia.

Onyo. Usichague kisa cha chumba cha anatomia chenye maiti, hata kama kilikuwa cha heshima. Wenzako watakielewa. Bibi aliyekaa meza ya tatu, aliyemzika mumewe mwaka jana, hatakisikia kama mnavyokisikia nyinyi.

Utajua umefaulu ukimsimulia yule msikilizaji wako asiye wa fani kwa dakika moja, naye akauliza "ikawaje?"

## Hatua ya 3: Pitisha kisa kwenye chekeche tatu

Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka, na ndiyo inayowaharibia karamu. Nitakaa hapa kidogo.

Chekeche ya kwanza ni mgonjwa. Visiwa vyetu ni vidogo. Unaweza kudhani umemficha mtu kwa kutotaja jina, lakini ukisema "mtoto aliyeletwa kutoka kijiji fulani, usiku wa mvua kubwa, mwezi wa Ramadhani", nusu ya ukumbi imeshamjua na nusu nyingine itaambiwa kabla ya halua kuisha. Siri ya mgonjwa haiishii kwenye jina. Kijiji, msimu, umri na ugonjwa vikikaa pamoja ni sawa na jina.

Kanuni yangu ni nyepesi: hakuna mgonjwa kwenye hotuba. Kundi letu la mfano lilikuwa na kisa kingine kilichowavutia zaidi. Miaka mitatu baada ya ukindu, wakiwa wodi ya wazazi, walimwona mtoto mchanga aliyezaliwa kwa shida, mabega yalikwama, mkono mmoja umelala umegeukia ndani. Mizizi miwili ya juu ya mtandao uleule ilikuwa imevutwa. Wote watano walitazamana wakakumbuka baraza. Ni kisa kizuri sana, na hakimo kwenye hotuba. Huenda mama wa mtoto yule ni binamu wa mpishi aliyewapikia.

Chekeche ya pili ni mwenzako aliyekwama. Karibu kila kundi lina mmoja ambaye hakuvaa joho mwaka huu. Ana sapu, au anarudia mwaka, au aliuguza mzazi akaahirisha. Mara nyingi huja karamuni, anakaa na wazazi wake, na ndugu wengine hawajui.

Nina kosa langu mwenyewe hapa. Mwaka wangu nilisimama nikasema, "Tulianza sita, leo tumesimama watano, lakini wa sita tunamwombea." Nilidhani naonyesha upendo. Mama yake alikuwa hajaambiwa. Nilimwona anamgeukia mwanawe na kumuuliza kitu, na mwanawe akainuka akatoka nje. Tulipatana baadaye, ila hakukaa tena meza moja na mimi kwa muda mrefu.

Kwa hiyo usihesabu. Usiseme mlianza wangapi na mmemaliza wangapi. Usiseme "aliyebaki", "tunamsubiri" wala "Inshallah na yeye mwakani". Mshukuru kwa alichokufanyia, kwa uzito uleule wa wengine, na usimweke mwisho. Mtu wa mwisho kwenye orodha huonekana ama ni bora kuliko wote ama ni wa kuhurumiwa. Mweke katikati. Na kabla ya yote mpigie simu umsomee sentensi yake. Akisema "niache", mwache, kisha mshukuru mkiwa wawili.

Chekeche ya tatu ni mwenzako wa jinsia nyingine. Mwanamume akisimama mbele ya baba wa msichana, au mbele ya mume wake, akasema "tulikesha naye usiku mwingi", amesema kweli na amewasha moto. Kila mwanafunzi wa udaktari anajua kukesha ni wodini, kwenye kolu, mbele ya wauguzi. Mzee hajui.

Suluhisho si kumruka, kwani kumruka ni dhulma na wasichana wa makundi haya wameshaichoka. Taja mahali na kazi: barazani mama akiwepo, maktaba, wodini asubuhi. Shukuru kitendo, usisifu sura wala tabia. "Aliandika noti zilizotuvusha" inatosha. "Ua la kundi letu" haifai. Naye msomee sentensi yake mapema, kwa sababu yeye ndiye anayewajua watu wa kwao. Wasichana wanaowashukuru wenzao wa kiume wafanye vilevile.

Utajua umefaulu kila uliyemtaja akishajibu "sawa" kwa sauti yake mwenyewe, si kwa alama ya dole gumba kwenye simu.

## Hatua ya 4: Mpe kila mtu kitendo kimoja

"Alikuwa mchapakazi na mcheshi" ni cheti cha tabia njema, kinafaa kwa mtu yeyote. Tafuta kitendo ambacho ukikisema bila jina kundi zima linajua ni nani.

Kwenye mfano wetu, mwenzao wa Wete alikuwa anawauliza maswali ndani ya daladala kutoka Tunguu hadi mjini, kwa sauti, abiria wakigeuka. Dada wa Makunduchi aliwatumia picha za noti za raundi ya wodini kabla ya jua kutoka, kwa yeyote aliyekuwa ametoka kolu amelala. Wa Mwera alitoa baraza, chai, na mama yake. Na wa nne, ambaye mwaka huu hakuvaa joho, ndiye aliyemfundisha msemaji kusikiliza moyo. Alimpa kifua chake adhuhuri nzima aweke stethoskopu, mpaka akaacha kubahatisha na kuanza kutofautisha mlio wa kwanza na wa pili.

Angalia huyo wa nne. Kati ya vitendo vinne chake ndicho kizito zaidi, na hakuna neno hata moja linalogusa matokeo yake.

Mwisho wa wenzako unaowataja uwe sita. Kama kundi lilikuwa la kumi, taja wanne kwa vitendo na wengine kwa pamoja kwa jina la kundi. Na wenye majina waambie mapema kwamba wao wametajwa na wengine hawakutajwa, wasijekuonekana wamependelewa bila kujua.

## Hatua ya 5: Andika

Mpangilio ni huu: salamu fupi, kisa, vitendo, gilasi. Usianze na shukrani. Shukrani ikitangulia kisa, watu wanapiga makofi ya adabu na kuacha kusikiliza.

Itifaki isizidi sentensi moja. Mshereheshaji na mgeni rasmi wameshazisoma, na usemi wa "itifaki imezingatiwa" ulibuniwa kwa ajili ya siku kama hii.

Hii ni hotuba nzima ya mfano. Pale nilipoweka mji, wewe weka jina.

> Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Habari za jioni kwa wageni wetu wote. Wazazi wetu, walimu wetu, itifaki imezingatiwa.
>
> Mwaka wetu wa kwanza tulishindwa na shingo. Kuna mishipa ya fahamu inatoka shingoni inakwenda mkononi, imepishana kama barabara za Darajani siku ya sikukuu. Tuliichora wiki mbili. Kila aliyechora alipata mkono wake mwenyewe.
>
> Jioni moja tulikuwa barazani, Mwera. Mama anasuka mkeka. Tukamwomba vipande vitano vya ukindu, tukaviunganisha, tukavipasua, tukavisuka kama kitabu kinavyosema. Mama akatutazama, akauliza: "Nyie mnasoma au mnanimalizia ukindu wangu?" Mama, leo nakujibu. Tulikuwa tunasoma. Na ukindu tulikumalizia.
>
> Siku ile nilielewa mambo mawili. La kwanza ni ile mishipa. La pili, kwamba kila mmoja wetu alishika kipande chake, na mmoja akikiachia, mkono wote unafumuka.
>
> Nataka kuwashukuru walioshika.
>
> Wete, uliniuliza dalili za upungufu wa damu ndani ya daladala mpaka bibi mmoja akaniombea dua akidhani ninazo. Sijazisahau mpaka leo.
>
> Mama wa Mwera alitupa ukindu, na mwanawe akatupa baraza, chai, na kutuamsha alfajiri bila kuchoka.
>
> Mwenzetu aliyenifundisha kusikiliza moyo. Nilikuwa naweka stethoskopu na kuitikia kwa kichwa kama nasikia. Wewe ulinijua kuwa sisikii. Ulikaa adhuhuri nzima ukaniazima moyo wako mpaka nikasikia. Kila moyo nitakaousikiliza baada ya leo, nimeanza na wako.
>
> Na dada yetu wa Makunduchi, noti zako za raundi zilitufikia kabla ya jua. Zilikuwa zinasomeka, jambo ambalo kwa daktari ni muujiza.
>
> Wageni wetu, shikeni gilasi zenu kwa mkono wa kulia, mkiwa mmekaa vivyo hivyo. Kuinyanyua gilasi hiyo, mshipa mmoja unanyanyua bega. Wa pili unakunja kiwiko. Wa tatu unashikilia kiganja kisilegee. Wa nne na wa tano wanafumba vidole visiiangushe. Ni ile mitano tuliyoisuka kwa ukindu.
>
> Nyanyueni. Kwa walioshika.

Isome kwa saa. Haifiki dakika nne, na ziada ni yako kwa vicheko.

Sasa nieleze machache niliyoyafanya humo. "Mkono wote unafumuka" ni neno la msusi na ni neno la anatomia kwa wakati mmoja, kwa hiyo wazee na madaktari wote wana lao la kushika. Mishipa mitano haikugawiwa kwa watu watano. Kishawishi ni kikubwa cha kusema "wewe ni mshipa wa bega, wewe wa kiwiko", ila ukisema hivyo utani unakuwa somo, na atakayepewa vidole atanuna. Hesabu ya tano waachie wenyewe. Na majina ya kitabu ya mishipa hayamo kabisa. Madaktari walioko ukumbini wanayajua na watatabasamu, wengine hawayahitaji.

Kama kundi lenu lilikuwa na Mpemba na wewe si Mpemba, usimwigize lafudhi. Inachekesha dahalia, lakini kwenye ukumbi wenye wazee wa Pemba waliovuka na boti kuja kumwona mtoto wao inakera. Kama wewe mwenyewe ni Mpemba, sema unavyosema kwenu, hapo inapendeza.

Utajua umefaulu shangazi yako akiisikiliza mara moja na kukueleza kisa bila kukosea, ikiwa ni pamoja na swali la mama.

## Hatua ya 6: Malizana na suala la gilasi mapema

Kunyanyua gilasi kwetu kuna mambo yake. Wapo wazee wanaokiona kitendo hicho kama desturi ya walevi hata kama ndani mna maji ya dafu. Kamuulize mzee mwenye shughuli siku mbili kabla. Akikubali, mweleze kwamba ni sharubati na hakuna kugonganisha gilasi. Akisita, usibishane: malizia kwa "Tuwaombee dua" na sentensi moja ya dua ambayo ukumbi utaitikia "Amin". Kama wamo wenzenu wasio Waislamu, waliotoka bara, nao wataitikia dua fupi ya afya na kazi njema.

Watu wakae. Kunywa ukiwa umesimama wengi hapa hawakupendi, na ukiuinua ukumbi mzima utapoteza dakika mbili za viti kuburutwa. Wewe umesimama, wao wamekaa. Unanyanyua nao, unasema maneno yako ya mwisho, unakaa, ndipo unakunywa.

Ongea na wapishi pia. Sharubati imiminwe kwenye gilasi za meza zote kabla hujaitwa. Nimeona mhitimu akisema "nyanyueni" na nusu ya ukumbi imeshika vikombe vitupu, wengine chupa za maji zenye vizibo.

Onyo. Usishike kadi, maikrofoni na gilasi pamoja. Mikono ni miwili. Gilasi ibaki mezani mpaka aya ya mwisho. Ukifika hapo kadi imeshamaliza kazi, iweke chini, chukua gilasi.

## Hatua ya 7: Jizoeze, kisha uisahau kadi

Isome kwa sauti mara moja asubuhi na mara moja usiku kwa siku tatu, ukiwa umesimama. Siku ya nne sema bila kadi. Yatakayobaki kichwani yaandike kwenye kadi kwa maneno matano au sita tu: *shingo, baraza, swali la mama, daladala, moyo, noti.* Siku ya karamu ndiyo kadi utakayopanda nayo. Ukisoma neno kwa neno, macho yako hayatamfikia uliyemtaja, na hotuba hii kazi yake ni kumtazama mtu usoni ukimtaja.

Mambo matatu hutokea, uyajue.

Umeme ukikatika au maikrofoni ikifa, usingoje jenereta. Songa katikati ya meza na uendelee kwa sauti. Hotuba ya baraza inapendeza zaidi bila spika.

Adhana ikikukuta katikati, nyamaza pale pale na kaa. Usijaribu kuimaliza haraka. Watu wakirudi usiirudie kutoka mwanzo. Anza na "Mama alituuliza swali", wataunganisha.

Ukishikwa na kilio, na mara nyingi ni kwenye sentensi ya moyo, tazama kadi, vuta pumzi, soma neno linalofuata: *noti*. Utani wa mwandiko uliwekwa baada ya moyo kwa sababu hiyo hiyo.

Makofi hayakwambii kama imefana, maana makofi hupigiwa hata itifaki. Subiri foleni ya pilau. Atakuja mtu usiyemjua, pengine fundi wa magari, ameshika sahani kwa mkono wa kushoto na anakunja na kukunjua kiganja cha kulia, akuulize: "Daktari, huu wa kiganja ni ule wa tatu, siyo?"